Roboti ya huduma kwa wateja inasaidia kweli? Jinsi ya kupima utatuzi, kukwama na kuridhika

Mwisho wa mwezi fundi aliyekujengea roboti ya WhatsApp anakuletea ripoti: asilimia 70 ya mazungumzo yameisha bila mhudumu kuguswa. Bosi anafurahi. Lakini wadada wa kitengo cha simu wanasema simu hazijapungua hata kidogo. Pande zote mbili zinasema kweli, na kazi ya mwongozo huu ni kuonyesha kwa nini, na namna ya kupata namba tatu ambazo ukizisoma pamoja utajua roboti inafanya nini.

Tuchukue kampuni ya mfano inayokopesha mitambo midogo ya sola vijijini. Mteja analipa kidogo kidogo kwa simu, kisha anatumiwa tokeni ya kuwasha mtambo kwa siku alizolipia. Mada za roboti ni tatu: tokeni haijafika, mteja anataka kujua salio lake, na taa haiwaki. Namba zote za kampuni hii ni za mfano, nimezipanga ili hesabu ionekane. Ukiwa na roboti ya saccos, ya mabasi au ya chuo, badilisha mada tu. Njia ni ileile.

Hatua ya 1: Kubalianeni mazungumzo moja yanaanzia wapi na kuishia wapi

Hapa ndipo ripoti nyingi zinapoharibikia, kabla hata hesabu haijaanza. Mifumo mingi hufunga mazungumzo baada ya muda fulani wa ukimya, na mara nyingi muda huo ni mfupi, kama nusu saa. Kwa mteja wa kijijini hiyo haifai. Anaandika "nimelipa lkn haiwaki", kifurushi kinaisha au mtandao unapotea, anarudi baada ya saa tatu na kuendelea alipoishia. Mfumo unaona mazungumzo mawili, la kwanza limeisha kimya bila mhudumu, kwa hiyo linahesabiwa ushindi. Tatizo moja limezaa mafanikio moja ya uongo.

Mimi ningeweka ukimya wa saa 24. Inaendana pia na utaratibu wa WhatsApp wenyewe: biashara inaweza kumwandikia mteja kwa uhuru ndani ya saa 24 tangu ujumbe wake wa mwisho, baada ya hapo inabidi itumie kiolezo kilichoidhinishwa. Muda ukishauchagua usiubadilishe katikati ya mwaka, maana namba zote za nyuma hazitalinganishika tena.

Kisha ondoa visivyohusika: majaribio ya wafanyakazi wenu, matangazo ya watu wanaouza vitu, na mazungumzo yaliyoishia kwenye "mambo" bila shida yoyote kutajwa. Kampuni yetu ilikuwa na mazungumzo 1,200 kwa wiki. Baada ya kuchuja yakabaki 1,000. Hiyo elfu moja ndiyo tutakayoigawia kila kitu. Ile 200 iliyotolewa iandike kwenye ripoti, ili mtu asije baadaye akapunguza jumla kimyakimya na kupandisha asilimia.

Hatua ya 2: Pima utatuzi kwa kuangalia nani amerudi

Kiwango cha utatuzi ni sehemu ya mazungumzo ambayo mteja aliondoka na shida yake imekwisha. Tatizo ni kwamba roboti haioni shida ikiisha. Inachoona ni kwamba mteja amenyamaza. Ile asilimia 70 ya fundi ni ya ukimya: mazungumzo 700 kati ya 1,000 hayakufika kwa mhudumu. Ndani ya ukimya huo wamo waliopata jibu, waliochoka, na waliofunga WhatsApp wakapiga simu.

Wengine hujaribu kuokoa hali kwa kutafuta maneno ya shukrani mwishoni. Kwa wateja wetu njia hiyo haifai. Mtu aliyelelewa vizuri hamwachi anayezungumza naye bila kuaga, hata kama hakusaidiwa. "Sawa asante" inaandikwa na aliyepata tokeni na pia na yule ambaye tayari anatafuta namba ya simu ya ofisi. "Haya" ndiyo kabisa, mara nyingi ni ya kukata tamaa.

Kipimo kinachotegemeka ni hiki: mazungumzo yametatuliwa kama roboti ilitoa jibu, hayakukabidhiwa kwa mhudumu, na mteja huyo hakurudi na shida hiyohiyo kwa njia yoyote ndani ya saa 72. Njia yoyote maana yake WhatsApp, simu, ujumbe mfupi, na wakala wa kijiji kama mnaye. Saa 72 ni kwa sababu anayelipia sola hawezi kukaa gizani siku tatu bila kulalamika. Kwa roboti ya ada ya chuo ningeweka siku saba, kwa ya tiketi za basi hata saa 24 zinatosha.

Kwa hifadhidata ya PostgreSQL hesabu inakuwa hivi:

```sql
SELECT m.mada,
       COUNT(*) AS jumla,
       AVG(CASE WHEN m.kwa_mhudumu = 0
                 AND m.jibu_limetolewa = 1
                 AND NOT EXISTS (
                   SELECT 1 FROM mawasiliano w
                   WHERE w.akaunti = m.akaunti
                     AND w.mada = m.mada
                     AND w.muda > m.mwisho
                     AND w.muda <= m.mwisho
                                   + INTERVAL '72 hours')
            THEN 1.0 ELSE 0 END) AS utatuzi
FROM mazungumzo m
WHERE m.halali = 1
GROUP BY m.mada;
```

Jedwali la `mawasiliano` ndilo lenye kazi, kwa sababu linaunganisha rekodi za WhatsApp na za kitengo cha simu. Na hapa kuna mtego mdogo unaoharibu hesabu nzima bila kelele. WhatsApp huhifadhi namba ikianza na 255. Mfumo wa simu mara nyingi unahifadhi ikianza na 07 au 06. Na wakala akiandika kwa mkono anaweka +255 na nafasi katikati. Kompyuta inaona watu watatu. Mteja aliyepiga simu haonekani kuwa ndiye aliyeandika jana, kwa hiyo "hakurudi", na utatuzi unapaa. Ondoa kila kisicho tarakimu, kisha linganisha tarakimu tisa za mwisho:

```sql
RIGHT(REGEXP_REPLACE(simu, '[^0-9]', '', 'g'), 9)
```

Bora zaidi ni kuunganisha kwa namba ya akaunti ya mtambo, kama nilivyofanya hapo juu. Mwenye mtambo mara nyingi ni mama asiye na simu ya kisasa. Anayeandika WhatsApp ni mwanawe aliye mjini, na anayepiga simu kesho yake ni mama mwenyewe. Ukifuata simu utaona wateja wawili walioridhika. Ukifuata akaunti utaona shida moja isiyokwisha.

Kuna jambo moja la kuangalia upande wa simu. Wahudumu wakiwa na foleni ndefu huchagua mada ya kwanza kwenye orodha ili wamalize. Sikiliza simu thelathini na ulinganishe na mada zilizoandikwa. Kama zinapishana sana, toa sharti la `w.mada = m.mada` na uhesabu kurudi kokote. Utapunja roboti kidogo, lakini ni afadhali kuliko kuipendelea.

Tukirudi kwenye mfano: kati ya yale 700, mazungumzo 60 mteja aliondoka kabla roboti haijatoa jibu lolote, na 180 mteja alirudi ndani ya saa 72. Yanabaki 460. Utatuzi ni asilimia 46. Ndani ya wale 180 ndimo zilimo simu ambazo wadada walikuwa wakizilalamikia.

Ujue pia kwamba kwa kipimo hiki ripoti haiwezi kutoka Jumatatu asubuhi. Wiki ikiisha Jumapili, subiri hadi Alhamisi. Ukikimbilia, mazungumzo ya Jumamosi na Jumapili yataonekana yametatuliwa kwa sababu tu wateja hawajapata muda wa kurudi.

Hatua ya 3: Gawa kwa mada kabla hujamwambia mtu yeyote namba

Asilimia 46 peke yake haikuambii la kufanya. Igawe:

| Mada | Mazungumzo | Yaliyotatuliwa | Utatuzi |
|---|---|---|---|
| Tokeni haijafika | 400 | 120 | 30% |
| Salio | 300 | 270 | 90% |
| Taa haiwaki | 200 | 40 | 20% |
| Mengineyo | 100 | 30 | 30% |

Sasa fikiria mwezi unaofuata kampuni inatuma ujumbe wa kukumbusha malipo kwa wateja wote. Watu wengi wanaingia kuuliza salio. Kati ya mazungumzo 1,000 sasa salio ni 500, tokeni 250, taa 150, mengineyo 100. Roboti haijaguswa, kila mada iko palepale. Piga hesabu: 450 na 75 na 30 na 30, jumla 585. Utatuzi umepanda kutoka 46 hadi 58.5, na yupo atakayepongezwa kwenye kikao. Mteja aliyekosa tokeni bado ana nafasi ileile ya tatu kwa kumi.

Ndiyo maana namba ya jumla naiweka chini kabisa ya ripoti.

Hatua ya 4: Pima kukwama, na usome maneno yenyewe

Kukwama ni pale roboti inaposema "Samahani, sijakuelewa". Kwenye rekodi za Rasa tafuta `nlu_fallback`, kwenye Dialogflow CX tafuta `sys.no-match-default`. Kama roboti yenu imejengwa kwa namna nyingine, tafuta sentensi yenyewe ya samahani.

Gawanya kwa ujumbe ambao mteja aliuandika au kuutuma mwenyewe, na uache nje mibonyezo ya vitufe, kwani kitufe hakiwezi kukwama. Kampuni yetu ilipokea ujumbe 5,000, kati yake 1,000 ni vitufe. Kukwama kulikuwa mara 480. Ukigawia 5,000 unapata asilimia 9.6, ukigawia 4,000 unapata 12. Fundi anaweza kuishusha namba hii kwa kuongeza vitufe tu, bila roboti kuelewa neno jipya hata moja.

Namba yenye uzito zaidi kwa mteja ni kukwama mara mbili mfululizo. Kukwama mara moja anavumilia na kuandika upya. Mara ya pili anaondoka. Hesabu ni mazungumzo mangapi yalifika hapo. Kwenye mfano wetu ni 110 kati ya 1,000. Weka kanuni kwamba kukwama kwa pili kunampeleka kwa mhudumu, papo hapo, bila kumwonyesha menyu tena.

Halafu soma. Chukua sampuli ya 150 kati ya zile 480, ichaguliwe kwa bahati nasibu, na uipange kwa mkono kwenye jedwali la kawaida. Kwa kampuni yetu matokeo yalikuwa hivi: 54 ni wateja waliobandika ujumbe mzima wa muamala, wenye kiasi, jina na namba ya kumbukumbu, 33 ni ujumbe wa sauti, 27 ni vitu ambavyo roboti haikupangiwa kabisa, kama mtu anayeuliza ajira, na 36 ni mchanganyiko wa vifupisho na tahajia za kila aina.

Kundi la kwanza ni zawadi. Mteja amekuletea kila kitu unachohitaji kumtafutia tokeni yake, na roboti inamjibu samahani. Hapo huhitaji kuifundisha roboti lugha. Unahitaji mistari michache ya kuitambua namba ya muamala ndani ya ujumbe mrefu. Kundi la pili lichunguze kwa makini, kwa sababu kwenye mifumo mingine ujumbe wa sauti na picha havihesabiwi kukwama hata kidogo: vinapita kimya, mteja hapati jibu, na rekodi inaonyesha mazungumzo safi. Jitumie ujumbe wa sauti uone unaandikwaje.

Wale 27 wasikusumbue. Roboti kusema haijui kitu isichokijua ni kazi njema.

Na hapo ndipo ulipo udhaifu mkubwa wa kipimo hiki: kukwama kidogo si lazima iwe habari nzuri. Kila mfumo wa kutambua nia ya mteja una kizingiti cha uhakika, yaani kiwango ambacho chini yake roboti inasema haijaelewa. Kwenye Rasa cha kuanzia ni 0.3. Ukikishusha, roboti inaacha kuomba samahani na kuanza kubahatisha. Mteja anaandika "mtambo umeibiwa", roboti inamtumia maelekezo ya kusafisha paneli. Kukwama sifuri. Roboti mpya zinazotunga majibu zenyewe zina ugonjwa huu zaidi, maana karibu kila swali zina la kusema.

Dawa ni kusoma mazungumzo 100 kila wiki, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu miongoni mwa yale ambayo roboti haikukwama. Wasome watu wawili, kila mmoja peke yake, waandike alama moja: jibu lilihusu swali, au halikuhusu. Mmoja wao awe mhudumu wa simu anayezijua shida za wateja. Wakitofautiana kwenye zaidi ya kumi au kumi na tano kati ya mia, basi maelezo ya kazi hayajaeleweka. Wakae wakubaliane kwa mifano kabla ya wiki inayofuata. Kiwango cha majibu yasiyohusu kiandike kando ya kiwango cha kukwama, siku zote pamoja. Kimoja kikishuka na kingine kikapanda, umehamisha tatizo tu.

Hatua ya 5: Uliza kuridhika, kwa maswali mawili

Swali la kwanza ni la vitufe viwili: "Je, shida yako imekwisha?" Ndiyo, Bado. La pili: "Umeridhika kiasi gani na huduma hii?" kwa 1 hadi 5. WhatsApp inaruhusu vitufe vitatu tu vya kujibu kwa ujumbe mmoja, kwa hiyo ngazi tano zitumie orodha ya kuchagua, au mwambie aandike tarakimu. Kiwango cha kuridhika ni waliotoa 4 na 5 kwa waliojibu wote. Wastani kama 3.8 siupendi, kwa sababu unaficha wenye hasira katikati ya wenye furaha.

Anayejibu "Bado" apelekwe kwa mhudumu palepale. Kumuuliza mtu kama bado ana shida, akasema ndiyo, kisha ukamwambia asante kwa maoni yako, ni dharau.

Angalia wanapoulizwa. Ukiuliza dakika moja baada ya roboti kusema "tokeni yako itafika hivi punde", unapima adabu ya roboti na matumaini ya mteja. Kwa mada ya tokeni uliza baada ya saa nne au sita, bado ukiwa ndani ya zile saa 24. Na waliokabidhiwa kwa mhudumu watenganishwe, la sivyo upole wa mhudumu utaandikwa kwa jina la roboti.

Katika mfano wetu waliulizwa wateja wa yale mazungumzo 700, wakajibu 160, na 112 kati yao walitoa 4 au 5. Asilimia 70. Lakini kwa watu 160 kosa la sampuli ni kama pointi saba kila upande:

```text
1.96 × √(0.70 × 0.30 ÷ 160) = 0.071
```

Kwa hiyo ukweli uko popote kati ya 63 na 77. Wiki ijayo ikija 74 usiitishe kikao, na ikija 66 usimkaripie mtu. Hesabu hii pia haiwagusi wale 540 walionyamaza, ambao huenda hawafanani na waliojibu.

Sasa unganisha majibu na ile orodha ya waliorudi. Kati ya mazungumzo 180 ambayo mteja alirudi, 30 yalikuwa na jibu la dodoso, na 18 kati ya hayo yalipewa 4 au 5. Watu 18 waliisifu huduma, kisha wakalazimika kurudi na shida ileile. Hawakudanganya, roboti iliongea vizuri na waliiamini. Ukiona kundi hili ni kubwa kwenye mada fulani, roboti inatoa ahadi ambazo ofisi haitimizi, na wa kurekebishwa ni mfumo wa tokeni, si maneno ya roboti.

Hatua ya 6: Soma zote tatu pamoja, mada moja moja

Chukua "taa haiwaki". Utatuzi asilimia 20. Kukwama kwake tuseme ni kudogo na majibu yanahusu swali: roboti inaelewa, inatoa maelekezo sahihi ya kukagua waya na swichi. Kuridhika ni kwa chini. Hapo hakuna mafunzo ya lugha yatakayosaidia, kwa sababu betri iliyokufa haifufuliwi kwa maandishi. Lengo sahihi la mada hii ni roboti kuchukua namba ya mtambo, kijiji na dalili, kisha kumkabidhi fundi haraka. Ipime kwa makabidhiano yenye taarifa kamili, na uitoe kwenye kiwango cha utatuzi. Kulazimisha utatuzi upande hapa ni kuwazungusha wateja.

"Tokeni haijafika" ni tofauti. Utatuzi 30, kukwama kwingi, na sababu tumeziona kwenye sampuli. Rekebisha jambo moja: roboti iisome namba ya muamala, itafute malipo, itume tokeni upya. Ambao malipo yao yaliingia kwenye akaunti nyingine kwa kukosea tarakimu waende kwa mhudumu, maana kuhamisha hela ya mtu si kazi ya roboti.

Kujua kama rekebisho limesaidia, usilinganishe mwezi huu na uliopita. Mvua, mishahara na mavuno vinabadilisha wateja. Wenye akaunti inayoishia na tarakimu shufwa wapate roboti mpya, witiri wabaki na ya zamani, kwa wiki mbili. Kwa mazungumzo 400 ya tokeni kila wiki utapata kama 400 kila upande. Kwa kiasi hicho tofauti ya chini ya pointi sita au saba huwezi kuitenganisha na bahati. Ikitoka 30 kwa 48, iwashe kwa wote. Ikitoka 30 kwa 34, endelea wiki mbili nyingine, na wakati huohuo usome tena ujumbe 50 waliokwama upande wa shufwa uone bado wanabandika nini.